Kichujio mbele ya ADC: kikali cha analogia, au sampuli nyingi na wastani?

"Naendesha mkono wa mota ya DC kwa PWM ya 8 kHz. Nafasi inasomwa na potenshiometa, kitanzi kinachukua sampuli 1 kHz. Mkono unayumba taratibu, lakini kwenye rekodi umetulia karibu kabisa. Niweke kichujio kikali chini ya 500 Hz, au kitaniharibia kitanzi kwa kuchelewesha ishara?"

Tuanze na kule kuyumba, maana ndiko kunakoonyesha kichujio kinatakiwa kuzuia nini. Kiendeshi cha mota kina saa yake na ADC ina yake. Zikipishana kwa sehemu 500 tu katika milioni, PWM inayoitwa ya 8 kHz, kwa saa ya ADC, ni 8,004 Hz. Kila masafa yaliyo juu ya nusu ya kasi ya sampuli hujikunja na kushuka chini, kwa hesabu hii, ambapo k ni namba nzima inayotoa jibu dogo kuliko zote:

```
f_mkunjo = |f - k*fs|
|8004 - 8*1000| = 4 Hz
```

Kitanzi kinaona wimbi la 4 Hz na hakina njia ya kulitofautisha na mkono unaoyumba kweli. Kwa hiyo kinausukuma mkono upande wa pili ili kulifuta. Rekodi inatulia kwa sababu kitanzi kimelazimisha namba itulie, na gharama yake inalipwa na mkono. Potenshiometa ya nyuzi 300 kwenye 3.3 V hutoa 11 mV kwa kila nyuzi moja, hivyo uchafu wa PWM wenye kilele cha 50 mV unaweza kuupeleka mkono nyuzi 4.5 kila upande. Kuongeza kichujio ndani ya programu baada ya hapo hakusaidii: 4 Hz ya uongo na 4 Hz ya kweli zimeshakuwa namba zilezile.

Kuhakikisha ni rahisi. Badili kasi ya sampuli kutoka 1,000 hadi 1,010 Hz. Mtikisiko wa kweli wa mkono utabaki karibu na 4 Hz, ila wa kujikunja utaruka hadi 76 Hz, kwa kuwa 8 mara 1,010 ni 8,080. Mkono utaacha kuyumba papo hapo. Msishawishike kuuacha hivyo na kusema kazi imekwisha. Saa hizo husogea kidogo joto likibadilika.

Sasa mabishano yenyewe. Tuchukue kwamba kitanzi kina nguvu hadi 30 Hz, na juu ya hapo kinafifia.

Wanaotetea kichujio kikali wana hesabu nzuri. Kichujio cha ngazi ya pili cha Butterworth chenye kona ya 250 Hz hupunguza 8 kHz mara 1,024, na ile 50 mV inabaki 0.05 mV, chini ya nyuzi 0.005 za mkono. RC moja yenye kona hiyohiyo (6.2 kΩ na 100 nF hutoa kama 257 Hz) hupunguza mara 31 tu. Inabaki 1.6 mV, yaani nyuzi 0.15, na kwa kazi ya usahihi bado inaonekana.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Kwenye 30 Hz, kichujio hicho cha ngazi ya pili kinachelewesha awamu karibu nyuzi 10. Kushikilia amri ya mota kwa sampuli nzima kumeshakula nyuzi 5.4, na kuchelewa sampuli moja kwa ajili ya hesabu kumekula 10.8. Jumla ni 26. Kitanzi kilichobuniwa kikiwa na akiba ya awamu ya nyuzi 45 bila kuhesabu hayo kinabaki na 19, na mkono utapita alama na kurudi mara kadhaa kabla ya kutulia. Wengi hapo hupunguza nguvu za kitanzi, kisha wakailaumu mota kwa uzito.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaitazama 500 Hz. Kelele ya 700 Hz hujikunja hadi 300 Hz, ambako kitanzi hiki hakiitikii sana. Itatikisa amri ya mota kidogo, hasa kama kidhibiti kina sehemu kubwa ya D, lakini mkono hautaifuata. Kinachodhuru ni kilichoko ndani ya 30 Hz kutoka 1,000, 2,000, 3,000 na kuendelea, kwa sababu hicho ndicho kinachoangukia ndani ya kitanzi. Hapo ndipo kichujio kinatakiwa kiwe kizito.

Na kuna kichujio chenye mashimo mahali hapohapo: wastani wa muda wa sampuli moja ya kitanzi. Soma ADC kwa 20 kHz kupitia DMA, jumlisha masomo 20, gawa kwa 20, kipe kitanzi namba moja kila milisekunde. Kwenye 8,004 Hz wastani huo hupunguza takriban mara 1,500, na hata saa zikipishana mara kumi zaidi, bado unapunguza mara 150. Gharama yake kwenye 30 Hz ni nyuzi 5.1.

RC haiondoki, ila inahamia juu. ADC yenyewe sasa inakunja kuzunguka 20 kHz, na mara ya tano ya PWM, 40 kHz, inaangukia sifuri, ambako wastani hauoni chochote cha kufuta. Resista ya 1.2 kΩ na kapasita ya 68 nF hutoa kona ya 1,950 Hz: 40 kHz inapungua mara 20, na awamu inapotea chini ya nyuzi moja. Jumla ni nyuzi 6 badala ya 10, na 8 kHz imepungua zaidi kuliko kwa Butterworth.

Kelele nyeupe ya sensa inafuata mantiki hiyohiyo. Tuseme ni 2 mV rms iliyotandazwa hadi 100 kHz. Bila kichujio, yote inabanwa ndani ya 500 Hz, na sehemu inayoingia kwenye 30 Hz za kitanzi ni 0.49 mV badala ya 0.035 mV, mara 14. Wastani na RC hurudisha namba hiyo karibu na 0.035. Lakini hata RC moja ya 250 Hz huishusha hadi takriban 0.04, kwa nyuzi 7 za awamu. Kwa hiyo kama hakuna PWM jirani na shida ni kelele nyeupe peke yake, sioni sababu ya ngazi ya pili.

Butterworth inabaki na kazi pale ADC isipoweza kusoma haraka zaidi ya kitanzi, na vilevile pale uchafu ni mkubwa kiasi cha kugonga dari ya kikuza ishara au ya ADC. Kilele kilichokatwa hakirekebishwi na wastani, hivyo uchujaji huo lazima uwe wa analogia, tena kabla ya kikuza ishara.

Mvumo wa 50 Hz wa umeme wa gridi si wa mjadala huu. Uko chini ya 500 Hz, haujikunji, na kichujio chochote kati ya hivi kitaupitisha karibu wote. Huo hutafutwa kwenye waya wa sensa na mahali ilipofungwa ardhi.