Kutubu Bila Kurudisha

Wanaotoka kwenye kitubio, kwenye toba ya usiku wa manane au kwenye ushuhuda wa hadhara hueleza hali yao kwa maneno yanayokaribiana sana: mzigo umetua, kifua kimekuwa chepesi, usingizi umerudi. Siwatilii shaka hata kidogo. Ninachokitilia shaka ni haraka yetu ya kuuchukua unafuu huo kuwa ndio ushahidi wa kutakaswa, kwa sababu mapokeo yenyewe ya dini, ukiyasoma kwa makini, hayasemi hivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao mtu yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa kikoba ataufahamu. Mweka hazina wa kikundi anapokea marejesho ya wanachama watatu walioshindwa kuhudhuria kikao, anayaandika kwenye vitabu vyao, lakini fedha haziingii kwenye sanduku. Mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, pamepungua shilingi 400,000. Lawama zinamwangukia katibu, mama mmoja mjane, ambaye hatimaye anajitoa kikundini kwa aibu. Miaka miwili baadaye mweka hazina anaanza kukosa usingizi na anataka kutubu. Afanye nini?

Akiwa Mkatoliki, njia yake imechorwa wazi. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215, muumini anatakiwa kuungama walau mara moja kwa mwaka. Atachunguza dhamiri yake, atajuta, atakusudia kutorudia, atazitaja dhambi zake kwa padri, atapewa ondoleo na kutimiza malipizi. Padri hawezi kulitoa nje jambo hilo, kwani anayeivunja siri ya maungamo moja kwa moja hujitenga na Kanisa kwa tendo hilo lenyewe. Wengi husimulia kwamba unafuu huwajia papo hapo, wanapolisikia neno la ondoleo likitamkwa na sauti ya binadamu mwingine. Hata hivyo, Katekisimu inasema bayana kwamba ondoleo huondoa dhambi bila kuponya madhara yote ambayo dhambi imeyaleta, na inataja kurudisha vilivyoibwa na kulirejesha jina jema la aliyesingiziwa. Kwa hiyo mweka hazina wetu anaweza kuinuka kutoka kwenye kiti cha maungamo akiwa mwepesi kama unyoya, ilhali bado anadaiwa shilingi 400,000 pamoja na heshima ya yule mama.

Akiwa Mwislamu, hatatafuta mtu wa kumwungamia. Atatia udhu, ataswali rakaa mbili na kuomba maghufira, na wanavyuoni wanamwekea masharti matatu: aiache dhambi hiyo, aijutie, na aazimie kutoirudia. Lakini pale ambapo kosa limegusa haki ya mja, sharti la nne linaingia, nalo ni kumrudishia mwenye haki chake au kumwomba radhi. Akiwa amefariki, warithi wake ndio wanaolipwa, na asipojulikana kabisa, fedha hutolewa sadaka kwa niaba yake. Jambo ninalolipenda katika njia hii ni sitara. Hadithi sahihi inamkemea mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemsitiri usiku, naye kunapokucha anaanza kuwasimulia watu aliyoyafanya. Fedha zinaweza kurudi kimyakimya, hata kwa mkono wa mtu wa tatu. Ugumu unabaki kwa yule mama, kwa sababu jina lake haliwezi kusafishwa kimyakimya, na hapo sitara ya mmoja inagongana na haki ya mwingine. Kuhusu kusengenya, wanavyuoni wengi wameruhusu mtu amwombee dua aliyemsengenya na kumsifu palepale alipomchafua, ikiwa kumweleza kutazidisha fitina. Sidhani ruhusa hiyo inamfaa mweka hazina, kwani mama huyu anajua fika kwamba alichafuliwa.

Njia ya tatu ilizaliwa hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika kituo cha misheni cha Kianglikana cha Gahini nchini Rwanda, watu waliokusanyika kwa maombi walianza kusimama mmoja mmoja na kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Uamsho huo ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakajulikana kama walokole, huku wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukiitikia baada ya kila ushuhuda. Pamoja na kulia na kuimba, watu walirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani. Kwa mweka hazina wetu njia hii ingefaa kuliko zote mbili, kwa kuwa aibu ingeondoka kwa mama hadharani, kama ilivyoletwa hadharani. Ila ina kasoro yake kubwa: anayeungama uzinzi mbele ya kusanyiko anamtaja, hata asipotamka jina, mtu mwingine ambaye hakuomba kutajwa. Na panapokuwa na hadhira, ushuhuda huanza kupambwa. Anayesikilizwa sana wiki hii atatafuta dhambi nzito zaidi wiki ijayo.

Unafuu wenyewe je? Watafiti wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo wanafunzi waliandika kuhusu mambo machungu yaliyowasibu. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Faida ilionekana katika miezi iliyofuata, walipopunguza kwenda kwa daktari. Mwaka 2014 Eyal Peer na wenzake walionyesha kwamba watu waliodanganya na kukiri nusu tu ya udanganyifu wao walijisikia vibaya kuliko waliokiri wote, na hata kuliko wasiokiri lolote. Hili la pili linanifanya nimfikirie mweka hazina anayesema mbele ya kikundi kwamba “kuna hesabu sikuziweka sawa” kisha anakaa. Amejivua kiasi cha kuonekana, lakini hakufika mahali penye nafuu.

Upande wa pili wapo wanaotubu kupita kiasi. Ignasi wa Loyola, aliyeanzisha Shirika la Yesu, alitumia siku tatu kuungama dhambi za maisha yake yote huko Montserrat mwaka 1522, kisha akaenda Manresa na kuteswa na hofu kwamba kuna alichosahau. Aliungama tena na tena bila kupata amani, hadi akawaza kujiua. Mwungamishi wake alimwagiza asiungame tena mambo ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa, lakini kwake karibu kila jambo lilionekana wazi, na agizo hilo halikumsaidia. Kwa mtu kama huyo, kuungama kwenyewe ndiko kunakochochea ugonjwa, na padri au shekhe mwenye busara humzuia badala ya kumsikiliza upya.

Kwa maoni yangu, sheria iliyolifikiria jambo hili kwa kina zaidi ni ya Kiyahudi, kama alivyoipanga mwanachuoni wao Maimonides katika karne ya 12. Siku ya Upatanisho haifuti kosa alilotendewa mtu mpaka aliyekosewa alipwe na kuridhishwa. Akikataa kusamehe, mkosaji amwendee pamoja na watu watatu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akishikilia kukataa baada ya hapo, lawama inahamia kwake. Na akiwa amefariki, mkosaji achukue watu kumi mpaka kaburini, atamke mbele yao kosa alilomtendea, kisha deni alipe kwa warithi, na asipowajua warithi, alikabidhi kwa mahakama.