Chozi Lililompandisha Mama Mkwe Basi

Baba mkwe wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, yuko Tanga, na hana tabia ya kuacha ujumbe bila jibu. Hata ile ya kampuni ya simu inayomwambia salio limekwisha huijibu: "Nimeelewa, ahsante." Huyo ndiye niliyemtumia miwani ya kusomea kwa basi la asubuhi.

Alasiri ujumbe ukaingia: "Mzigo nimeupokea. Sasa naona hadi nukta. Ahsante sana mwanangu, Mungu akuzidishie."

Huo ilikuwa lazima niujibu. Mtu amekuarifu mzigo umefika, tena kakuombea dua, na dua haiachwi hivi hivi bila amina. Nikaandika, "Amina baba, nashukuru." Ningeiweka simu mfukoni hapo hapo, mama mkwe asingepanda basi.

"Ahsante kushukuru," akajibu.

"Karibu sana baba," nikampa.

"Starehe."

Kwetu pwani starehe ni mlango uliorudishwa taratibu. Umepita barazani, watu wanakula, wamekwambia karibu, umesema starehe: yamekwisha, hakuna atakayekufukuzia na sahani. Mzee alikuwa amenifungia mlango kwa heshima zake zote. Mimi nikausukuma tena: "Haya baba, asante."

Basi nimemshukuru mwalimu, atakaaje kimya? Akanishukuru. Nikaona haya, nikamjibu. Kufika magharibi nilikuwa na dua tano mkononi, mojawapo ya kuombewa mavuno mema, na mimi shamba sina.

Niko kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja bombani, ukaingia mwingine: "Haya mwanangu, tuonane Mungu akipenda." Nikasema huu siujibu kwa maneno, nitaugongea alama tu. Kule WhatsApp ukiukandamiza ujumbe vinajipanga vikatuni sita: dole gumba, moyo, uso unaocheka, uso ulioshangaa, uso unaotoka chozi, na mwisho mikono iliyokutanishwa. Nililenga mikono. Dereva akakanyaga breki kumkwepa bodaboda, kidole kikatua kwa jirani. Kabla sijarekebisha, simu ikazima chaji.

Nikajipa moyo kwamba mzee hataona. Nilisahau kwamba ana miwani mipya.

Nyumbani umeme haupo, nikalala. Mke wangu naye usiku simu yake huiweka kimya. Alfajiri umeme umerudi, nawasha simu nakuta baba mkwe kapiga mara 11, kisha kaandika: "Jikaze mwanangu. Mama yako yuko njiani."

Nikampigia mama mbio mbio. Alikuwa ameshafika Segera.

"Mama, hakuna tatizo lolote!"

"Usinifiche. Baba yako kakwambia tuonane, wewe unalia. Mwanangu yuko hai?"

Nikampa mwanawe simu. Akaongea naye, akacheka kidogo kwa adabu, akakata, kisha akanigeukia mimi bila kicheko.

"Wewe nani alikwambia ubishane asante na mwalimu? Wa kwanza unaujibu, una habari na dua. Mzee akisema starehe, unamwachia. Neno la mwisho ni la mkubwa, si lako."

"Na nikinyamaza akadhani nimemdharau?"

"Akikuuliza kitu, jibu. Akikuombea, sema amina. Akirudisha asante yako mwenyewe, hiyo si barua, ni mwangwi."

Mama akashuka stendi ya Mbezi saa sita mchana, na khanga za msiba kwenye kikapu, na kuku mmoja wa pole. Kwa aibu nikamwambia uongo ambao hadi leo naulipia: "Mama, huku Dar kile kikatuni cha chozi siku hizi ndiyo ahsante. Ni machozi ya furaha." Akatikisa kichwa, akasema mjini kuna mambo. Kuku tukamla.

Aliporudi Tanga akatuma: "Nimefika salama. Ahsanteni kwa ukarimu." Nikaandika, "Alhamdulillahi. Pole na safari mama." Akajibu, "Nimeshapoa." Mke wangu akainyakua simu yangu, akaifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata shemeji yangu akajifungua mtoto wa kiume, picha ikawekwa kwenye kundi la familia. Wa kwanza kuigongea alama alikuwa baba mkwe: chozi. Dakika haikupita, shangazi wa Muheza akapiga simu analia, anauliza mtoto kafa saa ngapi.

Na chini yake mzee alikuwa ameandika, akinitaja mimi kwa jina: "Ahsante kwa kunielimisha mwanangu."

Bado sijamjibu.