Shampuu ya Zambarau si ya Kila Unapokoga

Nimekasirika na nitasema. Shangazi yangu ana mvi nyeupe ambazo hajapata kuzitia piko maisha yake yote. Alikwenda saluni mjini kujitayarisha kwa harusi ya mjukuu wake, akauziwa chupa ya shampuu ya zambarau, eti itaondoa umanjano ulioingia kwenye mvi zake, na kuambiwa: "Bi Mkubwa, tumia kila unapokoga, uiache nusu saa." Akafuata alivyoambiwa. Siku ya harusi ilipofika, nywele za mbele zilikuwa zambarau na za kisogoni manjano vilevile. Usiku ule wanawake wote walipofungua vichwa, yeye alikaa na mtandio umemfika nyusini.

Yeye hana kosa. Anayeuza kitu ndiye anayepaswa kukijua.

Shampuu hii haiondoi umanjano. Ina rangi ya urujuani inayogandia juu ya unywele, na urujuani na manjano ni rangi zinazouana: zikikaa pamoja, jicho huona weupe au kijivu. Umanjano wenyewe bado uko palepale chini. Kila ukiosha kwa shampuu ya kawaida, urujuani hutoka kidogo kidogo na umanjano hujitokeza tena, ndiyo maana lazima urudie. Lakini ukitia urujuani mwingi kuliko umanjano uliopo, unaozidi haupati cha kuua, na hapo ndipo mvi zinapogeuka zambarau.

Sasa tazama kichwa cha shangazi. Nywele za mbele zilikuwa kavu, na unywele mkavu uliochakaa hunywa rangi haraka. Nusu saa kwake ni nyingi mno. Kisogoni kulikuwa na mafuta ya nazi aliyojipaka kama kawaida yake, na rangi haishiki penye mafuta. Kwa hiyo chupa moja, kichwa kimoja, mambo mawili. Yule msichana wa saluni angemshika nywele kabla ya kumuuzia angeyajua yote mawili.

Zambarau iliyozidi haihitaji dawa. Tuliosha kwa shampuu ya kawaida tu, kila baada ya siku chache, na kila mara maji yalitoka na rangi mpaka mvi zikarudi. Kisha tukaanza upya, na utaratibu wake sasa ni huu. Kwanza anaosha kwa shampuu ya kawaida mafuta yote yatoke, anakamua maji, halafu anavaa glavu na kupaka ile ya zambarau akianzia kisogoni penye manjano zaidi. Anachana kwa kitana cha meno mapana ienee. Nywele za mbele zinapakwa mwisho kabisa. Dakika mbili tatu, basi, kisha anasuuza mpaka maji yawe meupe na kutia kondishena, maana hizi shampuu nyingi hukausha. Taulo jeupe liweke mbali.

Mara ngapi? Mara moja kwa wiki inatosha kwa nywele zilizotiwa blichi zikawa manjano. Kwa mvi, hata mara moja kwa wiki mbili si mbaya. Siku nyengine za kuosha, shampuu ya kawaida. Ila usiende kwa kalenda peke yake: toka nje mchana, shika kioo, zitazame nywele kwenye mwanga wa jua. Kama huoni manjano, iache chupa kabatini. Nakubali kwamba zipo shampuu hafifu zinazovumilia kutumiwa mara nyingi zaidi, na nyengine ni kali hata dakika moja nyingi. Kwa hiyo soma maelezo ya chupa yako, kisha jaribu kwanza kwenye kishungi kidogo nyuma ya sikio.

Na kinachotia manjano kisisahauliwe. Jua linatia, moshi unatia, pasi ya nywele inatia. Maji ya visima vyetu vya Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na yakiwa na chuma ndani yake basi mvi haziponi. Mwenye kisima cha namna hiyo asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mvua akiyapata.

Bibi harusi waliotia blichi nywele nyeusi zikaishia rangi ya chungwa, hii si shampuu yenu. Chungwa huuawa na buluu, na ziko shampuu za buluu kwa kazi hiyo. Nywele nyeusi zisizotiwa blichi hazitaonesha kitu. Na mwenye mvi zilizotiwa hina asipoteze pesa zake: wekundu wa hina umeingia ndani ya unywele na zambarau haiufuti. Hapo ni kungoja mvi mpya ziote na kupunguza ncha kidogo kidogo, na muuzaji mwenye haki atamwambia hivyo kabla ya kupokea pesa yake.