Kumlipa aliyekuletea mteja: ofisi ya uhasibu inapata au inalipia wateja ambao wangekuja wenyewe?

Ofisi nyingi ndogo za uhasibu hapa Dar zinaishi kwa wateja wa kuambiana. Mwenye duka la vipuri Kariakoo kapata shida na ritani za VAT, jirani yake anamwambia nenda kwa yule jamaa wangu, basi. Sasa siku hizi wenye ofisi wengi wanataka kuligeuza hilo liwe mpango rasmi, ukileta mteja akasaini unapewa laki na nusu. Wazo zuri, ila hesabu yake ina mitego na wanaoingia kwenye mitego hiyo ni wahasibu wenyewe, watu wa hesabu kabisa.

Tuchukue mfano. Ofisi inatoza 250,000 kwa mwezi bila VAT, kazi ni vitabu, ritani ya VAT na PAYE. Mshahara wa msaidizi ukigawanywa kwa wateja anaowahudumia, ukaweka na nauli, bando na programu, mteja mmoja anakula kama 150,000. Inabaki 100,000 kwa mwezi. Kumpokea mteja mpya kunagharimu kama 100,000 nyingine maana wengi wanakuja na mfuko wa rambo umejaa risiti za EFD na madaftari ya miezi kadhaa, lazima mtu akae apange. Ukiongeza na zawadi ya 150,000 unakuta umetoa 250,000 kumpata mteja, inarudi ndani ya miezi miwili na nusu. Hapo bosi anafurahi anaagiza vipeperushi.

Ngoja kwanza. Mwaka jana kabla ya mpango wowote, wateja wanne walikuja kwa kuambiana na hukulipa hata mia. Mwaka huu wamekuja kumi na wote umewalipia. Mpango haujakuletea kumi, umekuletea sita, ila umetoa 1,500,000. Kwahiyo kila mteja wa ziada amekugharimu zawadi ya 250,000 na sio 150,000. Hii ndo namba ambayo karibu kila mtu anairuka, kwasababu kwenye daftari wote kumi wameandikwa "kaletwa na fulani" na hakuna aliyeweka kumbukumbu ya mwaka uliopita.

Hata hivyo mpango bado unalipa. Tuseme katika wale sita, wawili wanaondoka baada ya miezi minne. Wanne waliobaki mwaka mzima kila mmoja anaacha 1,100,000, wale wawili wanaacha 300,000 kila mmoja, jumla 5,000,000. Toa zawadi zote 1,500,000, unabaki na 3,500,000. Anayesema mpango wa namna hii ni kutupa hela hajapiga hesabu.

Kinachoua mpango ni bei. Mteja aliyeletwa na mwenzake anaingia anajua mwenzake analipa ngapi, na kama yule mwenzake ni mteja wako wa zamani uliyemuonea huruma kipindi kigumu ukamwachia 180,000, huyu mpya naye anataka hiyohiyo, na wewe unakubali maana kaletwa na mtu. Gharama zako hazijashuka, bado 150,000. Inabaki 30,000 kwa mwezi. Rudia hesabu ileile, wanne wa mwaka mzima wanaacha 260,000 kila mmoja, wawili walioondoka 20,000 kila mmoja, jumla 1,080,000, na zawadi umeshatoa 1,500,000. Umepoteza 420,000 na ofisi imejaa watu, kila mtu anakwambia hongera biashara imekua. Hapo bado sijaweka wale wanne ambao wangekuja wenyewe, nao wakipewa punguzo hilohilo shimo linazidi.

Halafu kuna jambo la tarehe. Watu huleta wanaofanana nao, mwenye vipuri ataleta wa vipuri. Faida yake ni kwamba msaidizi wako anaijua biashara ile, anafanya fasta. Hasara ni kwamba wote wana makaratasi ya aina moja na wote wanayaleta tarehe 18 wakati VAT mwisho ni tarehe 20. Msaidizi akishafika ukomo, mteja anayefuata hagharimu 150,000 tena, anagharimu mshahara wa mtu mpya. Kwahiyo kabla hujatangaza zawadi angalia una nafasi ya wateja wangapi, na mpango uufunge ukifika hapo.

Nani alipwe? Wateja wenu, sawa. Fundi wa mashine za EFD naye mzuri sana, anaingia madukani na anaona nani kavurugikiwa. Wanaosajili kampuni BRELA wanaleta wengi lakini kampuni mpya mara nyingi inakaa miezi haina mauzo, ada ya mwezi wa pili tu ni ugomvi. Ofisa wa TRA hapana, usifikirie hata kidogo, ile sio kamisheni ile ni rushwa na TAKUKURU hawatauita mpango wa masoko.

Na sisi tuna kanuni za maadili ya taaluma. Kanuni za kimataifa za wahasibu, kifungu cha 330, hazikatazi moja kwa moja kulipa ada ya kuletewa mteja, zinasema kuna hatari ya maslahi binafsi kuingilia kazi, na moja ya kinga ni kumwambia mteja kwa maandishi kwamba aliyekuleta nitamlipa. Wenzetu wengi wanaona aibu kuandika hivyo kwenye barua ya makubaliano. Mimi naona kama unaona aibu mteja ajue, basi zawadi ni kubwa mno au unayemlipa sio sahihi. Wateja wa ukaguzi ningewaweka nje ya mpango kabisa, pale uhuru wako ndo bidhaa yenyewe.

Hapohapo kuna kosa lingine la kimyakimya, kulipa asilimia. Ukimwambia mtu nakupa asilimia 10 ya ada ya mwaka halafu ukamtumia 300,000, ameshajua rafiki yake anakulipa 3,000,000. Umetoa siri ya mteja kwa M-Pesa. Lipa kiasi kilekile kwa kila mteja, na lipa baada ya mteja kulipa ada ya mwezi wa tatu, sio siku ya kusaini. Wanaoleta watu wa kubahatisha wanajichuja wenyewe hapo. Na namba ya simu usiombe upewe, mwache yule rafiki apige mwenyewe, mtu kutafutwa na mhasibu asiyemjua kuhusu kodi zake inatisha.

Kupima hakuhitaji mambo makubwa. Siku ya kwanza, kabla hamjaongelea bei, muulize umetufahamuje na uandike. Kisha kwa kila mteja weka ada, masaa ya kumpanga, mwezi aliolipa mara ya mwisho. Baada ya mwaka toa idadi ya waliokuja bure mwaka uliotangulia, wanaobaki ndo wa ziada. Mwaka mmoja wa nyuma unaweza kudanganya kidogo, ukiwa na miwili au mitatu chukua wastani wake.

Kwa ada ya 250,000 na zawadi kumi za 150,000, wateja wa ziada wawili tu wakikaa mwaka mzima wameshazirudisha zote. Kwa ada ya 180,000 unahitaji sita, na asiondoke hata mmoja. Mimi nisingegusa zawadi kwanza, ningempandishia ada yule mteja wa zamani, maana bei yake ndo inayotangazwa mtaani.