Maji ya Bogoria na ukoko wa birika la Mombasa

"Ndugu yangu kamletea mamangu dumu la lita 20 la maji ya moto kutoka Bogoria. Anasema yana madini mengi, yatamwondolea maumivu ya magoti, basi anywe glasi moja kila asubuhi. Tumwache?" (Msomaji, Likoni)

Ndugu yako hajakosea kila kitu. Madini yamo, tena mengi, na kuloweka magoti kwenye maji ya moto hulegeza viungo. Tatizo langu ni hiyo glasi, na ili nieleze kwa nini, yafaa kwanza tuone madini hayo yaliingiaje.

Maji ya chemchemi za moto za Ziwa Bogoria kwa asili ni mvua. Huzama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na miamba ya moto huko chini, kisha hupanda tena. Kule chini hayachemki yakifika nyuzi 100, kwa kuwa maji yaliyo juu yanayakandamiza. Mita 10 tu za maji zatosha kusogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 120 hivi. Njia ya kupandia ikiwa pana, maji huzunguka, hupoa kidogo na kububujika tu. Ikiwa nyembamba, maji ya chini hubanwa yakizidi kupata moto, mpaka mapovu ya kwanza yakimwaga nje sehemu ya maji ya juu. Hapo mzigo hupungua ghafla, na maji ya chini, ambayo joto lake sasa limepita kiwango cha kuchemka, hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kurusha hewani kila kilicho juu yake. Kisha njia hujaa upya.

Katika safari hiyo yote maji yanakula mwamba. Hapa nyumbani tunakijua kisa cha karibu na hicho. Maji ya visima vya Mombasa hupita kwenye mawe ya matumbawe, hubeba chokaa, na ukiyachemsha chokaa hung'ang'ania ndani ya birika ikawa ukoko mweupe. Kamulia ndimu ukoko huo, utaona unatoa povu. Silika, madini ya jamii ya mchanga na kioo, ina tabia iliyo kinyume: huyeyuka zaidi maji yanapopata moto, na huganda yanapopoa. Kwa hiyo chemchemi huitoa silika chini na kuitandaza karibu na uso wa ardhi, na mara nyingi ndiyo inayokaza na kubana njia za chemchemi zinazoruka. Ukoko wa silika hautoi povu hata uumalize mti mzima wa ndimu.

Linalonitia wasiwasi ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi. Kwa kawaida kalsiamu ndiyo ingeikamata na kuigandisha ibaki chini. Lakini maji ya Bogoria yana magadi: gesi ya kaboni ikitoka, kalsiamu hugeuka chokaa na kuganda, nayo floraidi hubaki ikielea bila wa kuishika. Kwa hiyo sifa ileile ya "madini mengi" ndiyo inayoruhusu floraidi kuzidi. Maji hayachagui yenye faida yakaacha yenye madhara.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme dumu lenu lina 30. Glasi ya robo lita itampa mama miligramu 7.5, sawa na kunywa lita tano za maji yaliyofika kikomo, kwa mkao mmoja. Na kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki palepale, mkolezo ukapanda.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Glasi moja haitamlaza mama kitandani, na meno ya mtu mzima hayageuki rangi ya kahawia, kwani floraidi huharibu jino linapoumbika, yaani utotoni. Kwa mzee hatari ni ya mifupa, nayo huja kwa kunywa miaka mingi. Lakini dumu likikaa jikoni, wajukuu nao watachota. Hao ndio ninaowahofia zaidi. Isitoshe, mifupa iliyojaa floraidi hukakamaa na kuuma viungoni, ugonjwa uleule mnaotaka kuutibu.

Floraidi haina ladha wala rangi, kwa hiyo ulimi hautawaambia kitu. Kipimo cha maabara ya maji ndicho kitakachowaambia. Kabla ya hapo, yapasheni maji ya dumu hilo, mama aloweke magoti akitaka, ingawa maji ya bomba yakipashwa yatamfariji vilevile, maana kinacholegeza viungo ni joto, na joto la Bogoria lilikwisha kabla dumu halijavuka feri.