1:400 au 1:30: hesabu inayoachwa katikati

Kauli inayotembea sana kwa matreda wa sarafu ni kwamba levareji, yaani ruhusa ya broka kubeba oda kubwa kuliko mtaji wako, haiunguzi akaunti, loti, yaani ukubwa wa oda, ndiyo inayounguza. Kihesabu ni kweli, na anayetaka kuwatetea wanaobana levareji aanze kwa kulikubali hilo.

Chukua akaunti ya dola 500, euro moja ikiwa dola 1.1000. Ukinunua loti 0.10 umebeba euro 10,000, sawa na dola 11,000, mara 22 ya mtaji wako. Kila pipsi, yaani bei ikisogea 0.0001, ni dola 1. Euro ikipanda asilimia 1, ambayo ni pipsi 110, umepata dola 110. Ikishuka hivyo hivyo, asilimia 22 ya mtaji imeondoka. Awe broka kakupa 1:30 au 1:400, faida na hasara ni zile zile. Kinachobadilika ni dhamana anayoishikilia: karibu dola 367 kwa 1:30, dola 27.50 tu kwa 1:400.

Sasa bei ianze kushuka. Jukwaa linagawa `Equity`, yaani salio baada ya kuhesabu faida au hasara ya oda zilizo wazi, kwa dhamana iliyoshikiliwa, linapata `Margin Level`. Tuseme broka anatoa onyo ikifika 100% na anafunga oda kwa lazima ikifika 50%. Viwango hivi hutofautiana, visome kabla ya kuweka pesa. Mwenye 1:30 anafungwa bei ikishuka kama pipsi 317, mwenye 1:400 anavumilia hadi kama pipsi 486. Hapo mtetezi wa 1:400 husema: si unaona, levareji kubwa inakupa pumzi!

Pumzi ipo. Lakini hesabu haiishii hapo. Aliyefungwa mapema amebaki na dola 183, wa pili kabaki na dola 14 hivi. Pumzi ile ameinunua kwa mtaji wake mwenyewe. Kufungwa kunakoitwa wizi wa broka ndiko kulikomwachia wa kwanza kitu cha kuanzia tena.

Na hapo wote wawili tumewapa loti moja. Kwa 1:30, dola 500 haifungui zaidi ya dola 15,000, yaani loti 0.13. Kwa 1:400 inafungua hata loti 1.5. Hiyo ni dola 165,000, dhamana dola 412.50, na kila pipsi ni dola 15. Spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ikiwa pipsi 1.5 tu inakula dola 22.50 kabla bei haijasogea. Onyo linakuja ukiwa chini pipsi 6, na pipsi 20 zinatosha kufungwa. Ripoti ya ajira ya Marekani inaweza kumaliza mwendo huo kabla hujashika simu. Bei ikienda upande wako pipsi hizo 20, ni dola 300 jioni moja, na hapo ndipo loti kubwa inapopata wapenzi. Ni kweli loti ndiyo iliyounguza, lakini levareji ndiyo iliyoruhusu loti hiyo ifunguliwe.

Ndiyo maana ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, mwaka 2018 iliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 30:1 kwa jozi kubwa za sarafu, na ikalazimisha kufunga kwa 50%. Uchunguzi wa wasimamizi wa nchi ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja hao hupoteza pesa. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba levareji ndiyo chanzo. Wengine wangepoteza hata kwa spredi na pupa. Ila inanizuia kukubali jibu la "watu wajifunze kupanga loti". Kundi kubwa kiasi hicho halikukosa somo tu.

Wapo wanaosema 1:30 inamfungia nje mwenye mtaji mdogo. Loti 0.01 inataka dhamana kama dola 37. Mwenye dola 100 anaingia vizuri, asichoweza ni kuingia na loti ya mwenye dola 2,000. Kenya, ambako broka wenye leseni hutangaza hadi 1:400, mtu anaweza kujibana mwenyewe: palipo na chaguo, apunguze levareji kwenye mipangilio ya akaunti kabla ya kufungua oda.

Kikomo nacho si kinga kamili. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda 1.20 ya euro kwa faranga, na ndani ya dakika chache bei ikawa chini ya 1.00. Kati ya bei hizo wanunuzi walikuwa haba, kwa hiyo `Stop Loss`, yaani agizo la kukata hasara, na kufungwa kwa lazima vilitekelezwa mbali sana na pale vilipowekwa. Wateja wa broka FXCM walibaki wakidaiwa takriban dola milioni 225, juu ya mitaji waliyokwisha kupoteza. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mteja wa kawaida asidaiwe zaidi ya kilichomo kwenye akaunti yake. Nje ya Ulaya, kifungu hicho kitafute kwenye mkataba wa broka wako.