Sinia la Familia, finyango nne

Idi pili nikawatoa watoto wakale nje, maana Idi mosi mama yao alipika mpaka akasema jiko hataki kuliona tena. Tukaingia mgahawa mmoja huku Temeke, siutaji. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki za rangi tatu: SINIA LA FAMILIA, PILAU LA KIFALME, UTAJILAMBA VIDOLE, 35,000 TU!!! Sisi tuko watano. Sinia likaja kubwa kweli, bati lenyewe namaanisha. Pilau limetandazwa kama mkeka, kachumbari imerundikwa katikati kuziba pengo, na juu finyango nne za nyama, moja mfupa mtupu. Mwanangu wa pili akauliza, "Baba, nyingine kala mfalme?"

Nikalipa. Ningefanyaje, sikukuu hiyo, watoto wamevaa vizuri.

Sasa mi sina shida na kupamba. Chakula cha sikukuu lazima kipambwe, ukiandika "wali, nyama" kama risiti nani ataingia? Shida yangu ni kwamba "kifalme" haliliki. Ni neno la mtu ambaye hana la kusema kuhusu sufuria yake. "Familia" ndo baya zaidi, maana linaonekana kama kipimo kumbe sio, familia ya nani, ya kwangu au ya yule bwana mwenye watoto tisa?

Dada yangu ana kibanda Mbagala na kila sikukuu ubao namwandikia mimi, kwa hiyo haya siongei hewani. Cha kwanza huwa namuuliza umefanya nini jikoni, basi. Mwaka huu akasema bizari nyembamba nimetwanga mwenyewe asubuhi, vitunguu nimekaanga mpaka vimekuwa kahawia, nyama nimeichemsha na tangawizi na thomu halafu supu yake ndo nimepikia mchele. Jamani, hapo mate hayajakutoka? Andika hivyo hivyo, hakuna haja ya mfalme.

Cha pili, vipimo. Hapa tulibishana, yeye anataka "nyama ya kutosha" mi nataka namba. Tukakaa tukahesabu. Kilo moja ya nyama yenye mfupa anaikata vipande 16, kila kimoja kama gramu 60 hivi kikiwa kibichi, na nyama ikiiva inapungua robo hata theluthi, kwa hiyo kwenye sahani kinafika kama 40 na kitu. Akiweka vitatu kila sahani, kilo inatoa sahani 5 na kipande kimoja kinabaki, hicho cha mpishi kuonja na tusibishane. Mchele nao, kilo moja ikiiva inakuwa kama mbili na nusu, hivyo sahani ya kushiba ya gramu 400 unapata kama 6. Maana yake nyama ndo inaisha kwanza, na ndo maana wajanja wote wanadanganyia kwenye nyama, wali wanakumwagia tu.

Gramu hatukuandika, nani anakuja na mzani. Tukaandika hivi:

PILAU LA IDI. Bizari ya kutwanga leo asubuhi, mchele umeiva kwa supu ya nyama. Nyama ng'ombe yenye mfupa vipande 3, kiazi 1, kachumbari, pilipili ya kukaanga. Sahani ya mtu mmoja, 6,000. Kipande cha kuongeza 1,000. SINIA: sahani 4 kwa pamoja, nyama vipande 12, 22,000.

Angalia neno "yenye mfupa". Dada alitaka tulifute, eti linafukuza watu. Halifukuzi bana, anayependa mfupa anafurahi na asiyependa haji kugomba. Na kiazi kiandikwe, kisikutwe kimejificha kwenye wali kikijifanya nyama.

Haya, nakubali, vitu vinapanda sikukuu. Nyama inapanda, nyanya ndo usiseme, na mwenye kibanda naye ana watoto. Punguza basi, weka vipande viwili, ila futa ile 3 uandike 2. Na nakubali pia namba inadanganya ukitaka, ukikata kilo vipande 30 bado utasema umeweka vitatu. Dawa yake dada anaijua: sahani ya mfano mbele ya kibanda, imefunikwa nailoni, iliyopakuliwa kutoka sufuria ile ile kwa upawa ule ule.

Idi mosi akaja mzee mmoja wa kanzu, akasoma ubao wote kwa sauti, akaletewa sahani, akachokoa na kijiko akihesabu. Moja, mbili, tatu. Akatafuta kiazi, akakiona. Akanyanyua kichwa akamwambia dada, "Binti, ubao wako una adabu. Ongeza kipande cha buku."